Tetekuwanga Awasse: je, ni bora mtoto "aipate aimalize", au achanjwe?

Kila tetekuwanga inapoingia kijijini, swali moja hurudi kwenye mikutano yetu ya jamii. Mtoto wa jirani ametokwa na malengelenge. Bibi anasema wapelekwe na wengine wakalale naye mkeka mmoja, wote waugue mara moja, waimalize. Mama mdogo anasita. Ameambiwa na ndugu yake aliyeko mjini kwamba kuna chanjo ya ugonjwa huo. Anataka kujua nani ana haki.

Kwa familia zilizorudi Awasse swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Kijiji hiki cha njia panda, mahali ambapo barabara za Mueda, Macomia na Mocímboa da Praia zinakutana, kilitekwa mwaka 2020 na kurudishwa mikononi mwa majeshi ya Msumbiji na Rwanda mwishoni mwa Julai 2021. Waliokimbia walitawanyika Mueda, Montepuez, Pemba, Nangade na kwingineko, na wengi walipanga watu kumi au zaidi katika chumba kimoja. Sasa watoto waliokulia katika kambi mbalimbali wanakutana tena kisimani na shuleni, pamoja na watoto wa wenyeji. Ugonjwa unaosafiri kwa pumzi hupenda mikusanyiko ya namna hiyo.

Makala hii inajibu swali la bibi na la mama mdogo. Jibu fupi ni hili: pale chanjo inapopatikana, chanjo ni bora. Pale isipopatikana, kama ilivyo kwetu, bado kumwambukiza mtoto kwa makusudi si mbadala wa chanjo. Sababu kubwa haiko kwa mtoto mwenyewe. Iko kwa watu anaolala nao nyumba moja.

Bibi ana haki kwa mambo mawili

Tuanze na yaliyo kweli katika maneno ya bibi, maana hasemi upuuzi.

Kwanza, ni kweli kwamba mtu aliyeugua tetekuwanga akapona kwa kawaida haiugui tena. Mwili hujenga kinga imara, na mara nyingi kinga hiyo hudumu maisha yote.

Pili, ni kweli kwamba ugonjwa huu ni mwepesi zaidi kwa mtoto kuliko kwa mtu mzima. Mtoto mwenye afya na lishe nzuri hupata homa siku chache, hujikuna, malengelenge 250 mpaka 500 hutoka kwa awamu, yanakauka, na baada ya wiki moja hivi anarudi kucheza. Mtu wa miaka 25 au 30 hupata homa kali zaidi, na mara nyingi zaidi virusi hushuka mpaka kwenye mapafu. Marekani, kabla ya kuanza chanjo, watu wazima walikuwa kama asilimia 5 tu ya wagonjwa, lakini walikuwa kama asilimia 35 ya waliokufa.

Kwa hiyo wazo la kuugua mapema lina mantiki yake, na si la vijijini peke yake. Uingereza wazazi wengi wenye elimu kubwa walikuwa wakiwakusanya watoto nyumbani kwa mgonjwa, tena kwa keki na soda, ili waambukizane. Tatizo ni kwamba hesabu hiyo inamtazama mtoto mmoja tu, na inachukulia kwamba atapona. Mzee anayesema "mimi niliugua, mbona niko hai" anasema kweli, ila wale ambao hawakupona hawapo mkutanini kutoa ushahidi wao.

Mtoto mwenyewe anaweza kupatwa na nini?

Namba nzuri tulizo nazo zinatoka Marekani, kwa sababu huko walihesabu kwa uangalifu kabla ya chanjo kuanza mwaka 1995. Kila mwaka watu wapatao milioni 4 waliugua. Kati yao, 10,500 mpaka 13,000 walilazwa hospitali, na 100 mpaka 150 walikufa. Kwa maneno mengine, kati ya wagonjwa 350 hivi, mmoja alihitaji kitanda cha hospitali. Vifo vilikuwa vichache sana kwa kulinganisha na wagonjwa, lakini vilikuwepo, na wengi wa waliolazwa au kufa walikuwa watu wenye afya njema kabla ya kuugua.

Hizo ni namba za nchi ambako gari la wagonjwa linafika kwa dakika. Mtu asizichukue na kuzibandika Awasse kama zilivyo.

Kwa mtoto, hatari ya kwanza ni ngozi. Kila lengelenge ni mlango uliofunguka. Mtoto anajikuna kwa kucha zenye udongo, bakteria wanaingia, na ngozi inavimba, inakuwa nyekundu na ya moto, kisha inatoa usaha. Kwa wengi huishia hapo na dawa ya kuua bakteria inatosha. Lakini bakteria wale wanaweza kupita kwenye damu, na hapo mtoto aliyekuwa anacheza asubuhi anaweza kuwa taabani jioni. Mahali ambapo maji ya kuoga yanabebwa kichwani na sabuni ni ya kuhesabu, mlango huu uko wazi zaidi.

Hatari nyingine ni mapafu na ubongo. Mtoto anapumua haraka, au anaanza kuyumba akitembea kama mlevi, au anasinzia na haamki vizuri. Hali hizi ni chache, lakini zikitokea hakuna dawa ya nyumbani inayozitibu.

Kuna jambo jingine ambalo wanaolaza watoto mkeka mmoja hawalijui. Kiasi cha virusi ambacho mtoto anakipokea kinaonekana kuwa na uzito. Mtoto anayeambukizwa kwa kupita tu karibu na mgonjwa mara nyingi huugua kwa wepesi kuliko yule anayeambukizwa na ndugu yake wanayelala pamoja usiku kucha. Hali hii imeonekana katika uchunguzi wa familia katika nchi mbalimbali, ikiwemo Guinea-Bissau, nchi ya Afrika inayozungumza Kireno kama yetu. Kwa hiyo mkeka mmoja, ambao umekusudiwa kumrahisishia mtoto, huenda ndio unaompa ugonjwa mzito zaidi.

Nyumba moja, mwezi mmoja

Hata hivyo, kama hatari ingekuwa ya mtoto peke yake, wazazi wengi wangesema wako tayari kuibeba. Kwa hiyo tuchukue nyumba moja ya mfano. Si nyumba ya mtu yeyote tunayemjua, lakini nyumba za namna hii ziko nyingi kando ya barabara ile. Ndani yake yumo bibi, mama mwenye mimba ya miezi minane, mtoto wa miaka 6, mtoto wa miaka 3 aliyetoka juzi kwenye matibabu ya utapiamlo, na mjomba ambaye anatumia dawa za virusi vya Ukimwi na amekosa dawa zake kwa miezi kadhaa kwa sababu ya kukimbiakimbia.

Tarehe 1, mtoto wa miaka 6 anapelekwa kwa jirani akacheze na mgonjwa. Anarudi jioni. Haonyeshi chochote kesho, wala keshokutwa, wala wiki ijayo. Tetekuwanga hukaa kimya mwilini kwa siku 10 mpaka 21, na mara nyingi ni siku 14 mpaka 16. Familia inadhani jaribio halikufaulu.

Tarehe 13, mtoto bado ni mzima machoni pa watu, lakini tayari anatoa virusi kwa pumzi yake. Mgonjwa wa tetekuwanga huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla upele haujatokea. Usiku huo analala ubavuni mwa mama yake kama kawaida.

Tarehe 15, malengelenge yanatoka kifuani na mgongoni. Kuanzia hapo mpaka yote yakauke na kuwa na magamba, kwa kawaida siku 5 mpaka 7, kila mtu wa nyumba hiyo ambaye hajawahi kuugua yuko hatarini. Katika nyumba moja, kati ya watu 10 wasio na kinga, 9 wanaweza kuambukizwa. Ni vigumu kupata ugonjwa unaoambukiza kuliko huu.

Sasa tazama tarehe 29. Malengelenge yanamtoka mama. Kwa nini mama, mtu mzima? Hapa kuna jambo ambalo wataalamu wameliona katika nchi nyingi za joto. Katika nchi za baridi kama za Ulaya, karibu kila mtu alikuwa anaugua tetekuwanga utotoni. Katika nchi za joto watu wengi zaidi hufika utu uzima bila kuipata, hasa waliokulia vijiji vidogo vilivyotawanyika. Mama huyu alikulia shambani, mbali na mji. Hakukutana na ugonjwa huu mpaka mwanawe alipouleta nyumbani.

Tarehe 31, anajifungua.

Siku hizo mbili, kati ya upele wa mama na uzazi, ndizo zinazoamua kila kitu. Mama anapougua au anapokuwa aliugua zamani, mwili wake hutengeneza kinga na kuipitisha kwa mtoto kupitia kondo la nyuma. Lakini kinga mpya huchukua siku kadhaa kutengenezwa. Upele wa mama ukitokea kati ya siku 5 kabla ya kujifungua na siku 2 baada ya kujifungua, mtoto hupokea virusi bila kupokea kinga. Bila matibabu, vitabu vya tiba vinasema watoto wanaougua kwa njia hiyo wanaweza kufa kwa kiwango kinachofikia 30 kati ya 100. Kinachoweza kumwokoa ni dawa ya asikloviri kwa njia ya mshipa, pamoja na uangalizi wa hospitali. Kutoka Awasse hiyo ina maana ya kutafuta gari la kwenda hospitali ya Mueda, barabara ikiwa salama siku hiyo.

Kama mimba ingekuwa changa, hatari ingekuwa ya namna nyingine. Mama akiugua katika wiki 20 za kwanza, watoto wachache, kiasi cha 1 mpaka 2 kati ya 100, huzaliwa na makovu, kiungo kilichodumaa au kasoro ya macho. Na mama mjamzito mwenyewe yuko katika hatari ya kuugua mapafu.

Wakati mama anajifungua, mtoto wa miaka 3 naye ametokwa na upele. Mwili wake, uliodhoofishwa na njaa, hauna akiba ya kupigana. Mjomba, ambaye kinga yake imeshuka, anaweza kupata malengelenge yanayoingia mpaka kwenye mapafu na ini. Msumbiji, karibu mtu mzima 1 kati ya 8 anaishi na virusi vya Ukimwi, na wengi hawasemi hata kwa ndugu zao. Anayempeleka mtoto kwa jirani ili "aimalize" hajui ni nani ndani ya nyumba yake, au ya jirani, atakayeilipa gharama.

Katika mfano huu, mtoto wa miaka 6 alipona vizuri. Bibi alisema kweli kuhusu yeye.

Ugonjwa hauondoki, unalala

Kuna gharama moja ambayo haionekani mwezi huo wala mwaka huo. Kirusi cha tetekuwanga hakitoki mwilini mtu anapopona. Hujificha kwenye mizizi ya neva karibu na uti wa mgongo na kulala humo miaka mingi. Kinga ikipungua kwa uzee, kwa saratani au kwa virusi vya Ukimwi, huamka na kushuka kwenye neva moja. Ndiyo ule ugonjwa ambao wengi wetu tunauita mkanda wa jeshi: malengelenge yanayojipanga upande mmoja wa mwili kama mshipi, yenye maumivu ya kuchoma ambayo kwa wazee hubaki miezi hata baada ya ngozi kupona.

Kwa hiyo neno "kuimaliza" halifai. Anayeambukizwa kwa njia ya asili amemaliza tetekuwanga, lakini amebeba mbegu ya mkanda wa jeshi. Chanjo nayo hutumia kirusi hai, ila kimedhoofishwa, na watoto waliochanjwa wameonekana kupata mkanda wa jeshi mara chache sana kuliko watoto walioambukizwa.

Chanjo ipo. Mbona haipo Awasse?

Chanjo ya tetekuwanga ilitengenezwa Japani na daktari Michiaki Takahashi mwaka 1974. Aliamua kuitafuta baada ya kumwona mwanawe mwenyewe akiteseka kwa ugonjwa huo. Dozi mbili huzuia ugonjwa kwa zaidi ya watu 9 kati ya 10, na wale wachache wanaougua baada ya kuchanjwa kwa kawaida hutokwa na malengelenge yasiyofika 50. Madhara ya kawaida ni maumivu mahali pa sindano, homa kidogo, na kwa baadhi vipele vichache. Kwa kuwa ni kirusi hai, hapewi mama mjamzito wala mtu ambaye kinga yake imeshuka sana. Hao hulindwa kwa kuchanjwa watu wanaowazunguka.

Lakini ukifungua kadi ya kliniki ya mtoto wa Msumbiji hutaikuta humo. Haimo pia kwenye ratiba ya serikali ya Tanzania wala ya Kenya. Wenye pesa huipata katika baadhi ya kliniki za binafsi za miji mikubwa. Wengine huuliza: je, tumenyimwa?

Sababu ya kwanza ni fedha. Ni chanjo ya bei ya juu, na Gavi, taasisi inayozisaidia nchi kama yetu kununua chanjo, haiigharimii. Metikali inayotumika huko haitatumika kwa surua, nimonia au polio, magonjwa yanayoua watoto wengi zaidi.

Sababu ya pili ni ngumu kidogo, na ndiyo inayostahili kueleweka. Chanjo hii ikitolewa nusunusu inaweza kuleta madhara kwa jamii. Fikiria watoto nusu tu wamechanjwa. Ugonjwa utapungua kuzunguka, lakini hautaisha. Wale ambao hawakuchanjwa hawatakutana nao wakiwa na miaka 5. Watakutana nao wakiwa na miaka 20, wakiwa na mimba au familia. Wagonjwa watakuwa wachache, lakini watakuwa wa umri ulio na hatari zaidi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2014, liliziambia nchi zisiianze kwenye ratiba ya kawaida mpaka ziwe na uwezo wa kuwafikia watoto angalau 80 kati ya 100, na kuendelea hivyo miaka yote. Katika wilaya ambako vituo vya afya vilichomwa na wahudumu wakakimbia, hata chanjo za msingi zimepata shida kufika kiwango hicho.

Kusitasita si kwa nchi maskini tu. Uingereza ilikaa miaka mingi bila kuiweka chanjo hii kwenye ratiba ya watoto wote. Hofu yao ilikuwa kwamba watu wazima wanaokaa karibu na watoto wenye tetekuwanga hukumbushwa kinga yao, na hivyo hukingwa na mkanda wa jeshi. Ugonjwa ukiisha kwa watoto, mkanda wa jeshi ungezidi kwa wazee. Novemba 2023 kamati yao ya wataalamu wa chanjo ilibadilisha msimamo. Uzoefu wa Marekani ulionyesha kwamba hofu hiyo ilikuwa imezidishwa, na uchunguzi wa hospitali zao wenyewe ulionyesha kwamba tetekuwanga ilikuwa ikilaza watoto wengi kuliko walivyodhani. Januari 2026 walianza kuwachanja watoto, ndani ya sindano moja pamoja na surua, matumbwitumbwi na rubela. Wale wale waliokuwa wakikusanya watoto kwa keki na soda sasa wanawapeleka kliniki.

Kwa hiyo ukikosa chanjo hii Awasse, usiichukue kuwa dalili kwamba wataalamu wanaona ugonjwa wa asili ni bora. Hawaoni hivyo. Ni suala la fedha, na la uwezo wa kumfikia kila mtoto.

Basi hapa kwetu tufanye nini?

Kuna hoja moja ya bibi iliyobaki, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Anaweza kusema: "Kama chanjo haipo, na utu uzima ni hatari zaidi, si afadhali binti yangu augue sasa kabla hajaolewa?" Ni kweli kwamba akiugua sasa ni afadhali kuliko akiwa na mimba. Lakini katika kijiji kilichojaa watoto, wengi watakutana na ugonjwa huu bila kupelekwa. Unapompeleka, unachoongeza ni kidogo. Unachopoteza ni nafasi ya kuchagua wakati: huwezi kujua kama siku 14 zijazo mama yake atakuwa anakaribia kujifungua, kama mdogo wake atakuwa na malaria, au kama barabara ya hospitali itakuwa wazi.

Mtoto akiugua, kazi ni kuwatenga naye walio hatarini: wajawazito, watoto wachanga, wenye utapiamlo, na wanaotumia dawa za virusi vya Ukimwi. Kama nyumba ni moja, wao walale kwa ndugu ambako hakuna mgonjwa mpaka magamba yote yakauke. Hili halitazuia kila kitu, kwa sababu mtoto alianza kuambukiza kabla ya upele, lakini linapunguza. Bibi aliyewahi kuugua ndiye muuguzi anayefaa. Kinga yake sasa ni mali ya familia nzima. Mtoto abaki nyumbani, asiende shule wala kwenye foleni ya mgao.

Mjamzito ambaye hajawahi kuugua na amelala nyumba moja na mgonjwa aende kituo cha afya mapema, kabla ya upele, aseme tarehe aliyokutana na mgonjwa na tarehe anayotarajia kujifungua. Akitokwa na upele, asisubiri. Asikloviri husaidia zaidi ikianza ndani ya saa 24 za mwanzo. Ni vivyo hivyo kwa mtu mzima yeyote, na kwa mwenye kinga iliyoshuka.

Mtoto akatwe kucha, aoshwe kwa maji safi kila siku, anywe kwa wingi, na homa ishushwe kwa parasetamoli. Asipewe aspirini hata kidogo, maana kwa mtoto mwenye tetekuwanga inaweza kuharibu ini na ubongo. Ibuprofeni nayo iepukwe, kwa kuwa imehusishwa na maambukizi makali ya ngozi. Majivu, mavi ya ng'ombe au unga wa mizizi visipakwe juu ya malengelenge yaliyo wazi.

Mpeleke kituoni siku hiyo hiyo ukiona homa inaendelea zaidi ya siku 4 au imeondoka ikarudi, ngozi kuzunguka lengelenge imevimba na kuwa ya moto, anapumua kwa shida, anatapika kila kitu, anayumba, anachanganyikiwa, ana degedege, au hawezi kunywa. Mtoto mchanga wa mwezi wa kwanza apelekwe mara tu upele unapoonekana.

Hakikisha kwanza kwamba ni tetekuwanga

Kosa baya kuliko yote ni kumlaza mtoto mkeka mmoja na mgonjwa ambaye hana tetekuwanga kabisa.

Surua huanza kwa kikohozi, mafua na macho mekundu, kisha upele mwekundu usio na maji hutoka nyuma ya masikio na usoni na kushuka mwilini. Surua huua watoto wengi, hasa wenye utapiamlo. Tetekuwanga huanza zaidi kifuani na mgongoni, inawasha, ina malengelenge yenye maji, na mahali pamoja utakuta kipele kipya, lengelenge na gamba kwa wakati mmoja. Ndui ya nyani, ambayo redioni inaitwa mpoksi, na ambayo Msumbiji ilithibitisha wagonjwa wake mkoani Niassa Julai 2025, mara nyingi huvimbisha tezi za shingo au kinena, na vipele vyake ni vigumu, vinauma, na hufika mpaka viganjani na kwenye nyayo. Hata mhudumu mzoefu anaweza kukosea kwa macho, kwa hiyo upele wowote wenye homa uonwe kituoni kabla watu hawajaupa jina.

Na kuhusu surua hatuna haja ya kubishana, kwa maana chanjo yake iko kwenye ratiba ya Msumbiji, ni bure, hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Watoto wengi waliokuwa safarini wakati wa vita walikosa dozi moja au zote mbili. Kama kadi ilipotea Mueda au iliungua pamoja na nyumba, nenda hivyo hivyo na umweleze mhudumu. Kumrudia mtoto dozi aliyokwisha kuipata hakumdhuru.